Riba, Murabaha na Sukuk katika Historia ya Benki za Kiislamu Tanzania

Benki ya Amana ilipofunguliwa mwaka 2011, ya kwanza nchini kufuata misingi ya Kiislamu kikamilifu, benki za kawaida, KCB na NBC miongoni mwao, zilikwisha kuwa na madirisha ya huduma hiyo. Kilichoepukwa kote ni riba: ziada inayotozwa juu ya mkopo. Kwa mfano, mkamuaji wa alizeti mkoani Singida anahitaji mashine ya shilingi 10,000,000. Katika murabaha, benki huinunua na kuimiliki kwanza, kisha humuuzia kwa 12,000,000, gharama na faida vikitajwa wazi, naye hulipa 1,000,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Akichelewa, bei haipandi. Mtafiti anapaswa kukagua tarehe: mkataba wa mauzo ukitangulia ununuzi wa benki, au mteja akikabidhiwa fedha taslimu atumie apendavyo, murabaha imebaki jina tu, na ile 2,000,000 ni riba. Sukuk, ambayo KCB iliitoa mwaka 2022 kwa jina la Fursa, hulenga wawekezaji: ni hati za umiliki wa sehemu ya mali, na malipo yake hutokana na mapato ya mali hiyo.