Sauti Nne na Njia Zake

Leo tutatazama jambo moja tu katika uimbaji wa sauti nne: wanakwaya watokapo kwenye fungu moja la noti kwenda fungu jingine, kila sauti ipite njia gani?

Tuchukue mafungu matatu yanayotumika zaidi makanisani na shuleni: fungu la do (do, mi, so), fungu la fa (fa, la, do) na fungu la so (so, ti, re). Kwaya ya Karatu imesimama kwenye fungu la do. Besi anaimba do ya chini, tena do ya juu yake, alto mi, na soprano so. Kwenda fungu la fa ni rahisi. Tena abaki pale pale, kwa maana do imo katika mafungu yote mawili. Alto apande kutoka mi hadi fa, soprano kutoka so hadi la. Besi peke yake ndiye anayeruka, naye amezoea.

Taabu yaanza tunapotoka fa kwenda so, kwa kuwa mafungu haya hayana noti hata moja ya pamoja. Mtu asiyefundishwa humpandisha kila mmoja hatua moja: besi fa kwenda so, tena do kwenda re, alto fa kwenda so, soprano la kwenda ti. Noti zote ni sahihi, lakini sikilizeni besi na alto peke yao. Wote wawili wametoka fa wakaenda so, mmoja chini na mwingine juu. Sasa ni kama mtu mmoja anayeimba kwa koo mbili. Tena naye amemfuata besi kwa umbali wa noti tano, bila kuachana.

Dawa yake ni kwenda kinyume. Besi apande kwenda so, lakini wale watatu washuke: tena kutoka do hadi ti, alto kutoka fa hadi re, soprano kutoka la hadi so. Tukirudi fungu la do, tena apande ti hadi do, alto re hadi mi, soprano akae kwenye so, besi ashuke do. Hakuna aliyeruka mbali isipokuwa besi, na sauti nne zasikika nne.

Kwa nini basi umbali wa nane na wa tano ndio unaokatazwa kufuatana? Noti mbili zilizo umbali wa nane, ile ya juu hutikisika mara mbili kila ya chini inapotikisika mara moja. Katika umbali wa tano ni mara tatu kwa mara mbili. Hesabu hizi ni nyepesi mno, hata sikio huziunganisha noti mbili zikawa kama moja.

Wazungu wenyewe hawakuianza sheria hii zamani sana. Katika karne ya 9 watawa wao waliimba kwa kufuatana umbali wa nne na wa tano, wakaona ni vizuri. Walimu wao walianza kuyakataza mafuatano hayo katika karne ya 14, walipotaka kila sauti iwe na wimbo wake. Ilipofika Afrika, sheria hii ilikutana na watu wenye desturi nyingine. Wagogo wa Dodoma huimba sauti zikifuatana kwa umbali kama huo, kwa makusudi, maana wanataka wimbo mmoja uwe mnene. Kuuita uimbaji wao kosa ni kulipima shuka kwa kibaba. Wamasai wa Ngorongoro nao wana njia ya tatu: kiongozi, olaranyani, hutoa wimbo, na kundi hurudia mlio wake wa kooni chini yake. Hapo sauti hazichanganyiki, kwa sababu kila moja ina kazi yake.

Wimbo wa sauti nne tunaoujua sote ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni Johannesburg, aliyefariki mwaka 1905. Aliandika kwa do-re-mi, maandishi ambayo Sarah Glover wa Norwich aliyaanzisha na John Curwen akayaeneza. Mwaka 1961 Tanganyika iliuchukua kuwa wimbo wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili. Mkiusikia shuleni, watoto huimba sauti moja, na hapo sheria haina kazi. Lakini kwaya ikiuimba kwa sauti nne, mwalimu na awasimamishe besi na alto peke yao. Wakisikika kama mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho wa mstari, basi alto wamepotea njia, wanaimba besi.

Kwa somo lijalo, andikeni fa, so na do kwa sauti nne, mkianza na soprano kwenye do.