Eksirei ya kifua katika upungufu wa sarfaktanti

Upungufu wa sarfaktanti ni chanzo kikubwa cha shida ya kupumua kwa watoto njiti. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha uhusiano huo: sarfaktanti ikipungua, vifuko vya hewa hunywea mtoto anapotoa pumzi.

Mtoto wa wiki 28 anaguna na kifua kinabonyea saa chache baada ya kuzaliwa. Kwenye eksirei, mapafu ni madogo, yamejaa weupe wa chembechembe pande zote mbili, kama kioo chenye ukungu. Mirija yenye hewa huonekana kama matawi meusi ndani ya weupe huo. Hali ikizidi, mpaka wa moyo hupotea.

Nimonia ya streptokoka kundi B huweza kufanana kabisa na picha hiyo, hivyo eksirei pekee haiondoi shaka ya maambukizi.