Silaha Iliyowekwa Amana: Mtakatifu Tomaso na Sheria ya Maumbile



Mara nyingi tunasikia ikisemwa kwamba tendo fulani ni kinyume cha maumbile, na mjadala ukaishia hapo. Wengi hudhani kwamba njia ya hoja hiyo ni fupi: tutazame viumbe wanavyoishi, kisha tutunge amri. Mtakatifu Tomaso wa Akwino hakuifuata njia hiyo, na juma hili tungependa kuonyesha alipita wapi.

Tomaso alirithi maelezo mawili yasiyopatana kwa urahisi. Ulpiano, mwanasheria wa Kirumi, alifundisha kwamba sheria ya maumbile ni ile ambayo maumbile yamewafundisha wanyama wote. Grasiano, aliyekusanya sheria za Kanisa huko Bolonya mnamo mwaka 1140, aliiona ndani ya Torati na Injili, yaani katika amri ya kuwatendea wengine kama tunavyotaka kutendewa. La kwanza lamshusha mwanadamu hadi kwa mnyama. La pili laelekea kuifanya sheria hiyo kuwa mali ya waamini peke yao.

Alipoandika juu ya sheria katika Suma ya Teolojia, huko Parisi mnamo mwaka 1271, Tomaso alianza na akili. Kama vile akili inapojua haiwezi kukiri na kukana jambo lile lile kwa wakati mmoja, vivyo hivyo inapotenda huanza na msingi kwamba jema lafaa kutendwa na ovu kuepukwa. Lakini jema ni lipi? Hapo ndipo maumbile yanapoingia. Pamoja na vitu vyote, tunaelekea kudumu kuwapo. Pamoja na wanyama, tunaelekea kuzaa na kulea. Na kama viumbe wenye akili, tunaelekea kuujua ukweli juu ya Mungu na kuishi katika jamii. Mwelekeo si kila tamaa inayotujia, maana hata choyo hutujia. Maumbile hutuonyesha mema, akili huyapanga.

Tufuate mfano wake mwenyewe, ule wa amana. Mtu ametukabidhi mali yake tumtunzie. Kwa kuwa tumeumbwa kuishi pamoja, na maisha ya pamoja hayasimami pasipo uaminifu, akili inahitimisha kwamba amana irudishwe. Je, hitimisho hilo ni kweli daima? Tomaso ajibu kwamba ni kweli mara nyingi, si mara zote. Mwenye mali akija kuidai ili aitumie kupigana na nchi yetu, kumrudishia kungekuwa kuwadhuru watu wote. Kadiri tunavyoshuka kutoka kanuni za jumla hadi mambo madogo madogo, ndivyo nafasi ya kanuni kushindwa inavyoongezeka. Hata tukiongeza masharti, kama vile kurudisha kwa namna fulani na kwa dhamana fulani, tunaongeza tu njia ambazo kanuni yaweza kukwama.

Je, huo si mlango wa visingizio? Hapana, maana mzizi haujabadilika. Jema lile lile la jamii lililotuamuru kurudisha, ndilo linalotuzuia sasa. Kwa mantiki hiyo twaweza kujipima: tukiizuia silaha ili watu wasalimike, tumeitii sheria, tukiizuia ili iwe yetu, tumekuwa wezi.

Tomaso alikiri pia kwamba hata watu wote wanaweza kupotoka. Alitaja habari iliyoandikwa na Yulio Kaisari, kwamba Wajerumani wa kale hawakuuhesabu unyang'anyi kuwa uovu. Kwake, tamaa na desturi mbaya zaweza kulifunika hitimisho, ingawa kanuni ya kwanza kabisa haifutiki moyoni.

Si wote waliridhika. Mfransisko Yohane Duns Skoto, aliyefariki Koloni mwaka 1308, aliuliza: kama amri zote Kumi zatokana na maumbile kwa lazima, mbona Mungu alimwagiza Abrahamu amtoe mwanawe? Tomaso alikuwa amejibu kwamba uhai ni mali ya Mungu, hivyo Mungu akiutwaa hamdhulumu mtu. Skoto alishika kwamba amri zinazomhusu Mungu mwenyewe ndizo za lazima kwa maana kamili, hasa kwamba asichukiwe wala asiabudiwe mwingine. Zile zinazomhusu jirani zinapatana sana na maumbile, lakini hazitokani nayo kama hesabu itokavyo katika tarakimu.

Basi tunaposema kwamba jambo ni kinyume cha maumbile, tumeanza hoja tu. Yatupasa bado kuonyesha ni jema gani la mwanadamu linalovunjwa, na kwa hatua zipi.