Duka lako Bariadi likiuza milioni 9 kwa mwaka, daftari linakuokolea laki moja ya kodi

Mfanyabiashara mdogo wa duka hulipa kodi ya mapato kwa kuangalia mauzo ya mwaka mzima, siyo faida. Mauzo yasipozidi milioni 4, kodi hiyo hailipwi. Kuanzia hapo hadi milioni 11, anayetunza kumbukumbu analipa kidogo kuliko asiye nazo.

Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019, mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 bila kumbukumbu yanalipiwa Sh250,000. Ukiwa na kumbukumbu, unalipa Sh90,000 pamoja na asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 7.

Chukua mfano wa duka la rejareja Bariadi mjini. Kwa miezi tisa linauza Sh600,000 kwa mwezi. Juni hadi Agosti, wakulima wakishauza pamba, mauzo yanapanda hadi Sh1.2 milioni kwa mwezi. Jumla ya mwaka ni milioni 9.

Milioni 2 zimezidi milioni 7, na asilimia 3 yake ni Sh60,000. Jumlisha Sh90,000, kodi inakuwa Sh150,000. Bila daftari ni Sh250,000.

Hatari nyingine ni msimu wenyewe. Ofisa akikuta duka limefurika Julai na hakuna maandishi, mauzo ya mwezi huo mara 12 yanafika milioni 14.4. Hapo unaonekana umevuka milioni 11, kiwango ambacho kodi inapanda na mashine ya risiti za EFD inahitajika. Daftari la mwaka mzima ndilo linaloonyesha kwamba miezi mingine biashara ilikuwa chini.

Nini kiandikwe? Kila siku andika tarehe, mauzo ya taslimu, mauzo yaliyolipwa kwa simu na bidhaa zilizokopwa. Andika pia manunuzi na matumizi, na utunze risiti za EFD ulizopewa na muuzaji wa jumla. Wengi wanakosea kwa kuandika faida tu, au pesa iliyobaki droo baada ya kutoa ya mboga. Hayo siyo mauzo. Kumbukumbu hizi zinatakiwa zikae miaka mitano.

Mwanzoni mwa mwaka, kabla ya Machi 31, peleka daftari TRA ufanyiwe makadirio kwa TIN yako. Kodi inalipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa duka hili ni Sh37,500 kila awamu, kwa kontrol namba, benki au kwa simu. Ukichelewa, riba inaongezeka.

Pamba ikienda vibaya na mauzo yakashuka, unaweza kuomba makadirio yarekebishwe kabla mwaka haujaisha. Mauzo yakizidi, nayo unatakiwa kuyatoa taarifa.

Sheria ya Fedha hubadilika kila Julai, hivyo hakikisha viwango TRA kabla ya kupiga hesabu.