Uandishi wa Viraka

Neno “wizi wa kitaaluma” limeshaenea vyuoni kiasi kwamba hakuna anayeliuliza maswali, ila lina kasoro moja. Wizi kwa Kiswahili hudai nia. Mtu aliyechukua mwavuli wa mwenzake akidhani ni wake hatumwiti mwizi. Sasa tumwiteje mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa mawasiliano ya umma aliyesoma kitabu, akabadili maneno kwa uaminifu kabisa, akakusanya insha yake, kisha akaitwa ofisini? Tukisema “wizi wa bahati mbaya” tunakuwa tumeunganisha maneno mawili yasiyokaa pamoja.

Mwanazuoni wa Kimarekani wa taaluma ya uandishi, Rebecca Moore Howard, aliligusa tatizo hili mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliona kuwa wanafunzi wengi hawanakili neno kwa neno na wala hawaelezi kwa maneno yao, bali wako katikati. Huchukua sentensi ya mwandishi, wakafuta neno hapa, wakageuza muundo kidogo pale, na kwingine wakabandika kisawe. Akalipa zoezi hilo jina ambalo kwa lugha yetu ninapendekeza liwe “uandishi wa viraka”. Nguo ni ya mwandishi wa chanzo, mwanafunzi ameongeza vitambaa tu.

Kirakani ndiko ajali nyingi zinakotokea, na kwa maoni yangu chanzo chake kimoja kiko sekondari. Somo la ufupisho linamtaka mwanafunzi asome kifungu na kukieleza kwa maneno yake mwenyewe, kwa idadi fulani ya maneno. Hakuna anayemwambia ataje kifungu ni cha nani. Akitaja anapoteza maneno bure. Anafika chuo kikuu na mazoea hayo na kuyatumia kwenye insha. Anafanya alichofundishwa.

Lakini shule hiyo hiyo ilimfundisha kitu kingine ambacho kingemwokoa. Katika sarufi alijifunza kugeuza kauli halisi kuwa kauli taarifa, au usemi halisi kuwa usemi wa taarifa kama wanavyosema Kenya. Humo hakuruhusiwa hata mara moja kumfuta msemaji. “Nitakuja kesho,” alisema Juma, iligeuka kuwa Juma alisema kwamba angekuja siku iliyofuata. Alama za kunukuu ziliondoka, nafsi na wakati vikabadilika, Juma akabaki. Nukuu katika insha ni kauli halisi. Kule kueleza upya hoja ya mwandishi, ambako wengine hukuita ufafanuzi, ni kauli taarifa. “Ufafanuzi” silipendi sana kwa kazi hii, kwa sababu anayefafanua huongeza mwanga wake, na huku tunatakiwa kusema kilekile alichosema mwenye hoja. Mimi nitatumia “kueleza upya”.

Tuone kwa mfano. Kifungu hiki nimekitunga, na mwandishi wake tumwite Fulani, kitabu cha 2015, ukurasa wa 42:

“Redio za kijamii haziwaambii wakulima wamchague nani, lakini kwa kurudia kila asubuhi habari za bei ya mbolea, huifanya bei hiyo ionekane kuwa ndilo suala kubwa la uchaguzi, hata pale wakulima wenyewe wanapokuwa na shida nyingine za karibu zaidi, kama barabara na maji.”

Mwanafunzi anaandika:

“Redio za jamii haziwaelekezi wakulima wampigie kura nani, ila kwa kukariri kila siku asubuhi taarifa za gharama ya mbolea, huifanya gharama hiyo ionekane kuwa ndiyo hoja kuu ya uchaguzi, ingawa wakulima wenyewe wana matatizo mengine ya karibu zaidi, mfano maji na barabara.”

Ukihesabu maneno yaliyobadilika unaweza kuridhika. Ukitazama mifupa unaona ni ileile: kanusho mwanzoni, kisha “kwa ku-”, kisha “huifanya ionekane”, kisha shida nyingine za wakulima mwishoni. Hata mifano miwili ya mwisho imebadilishana nafasi tu. Halafu kuna hasara nyingine. “Bei” imekuwa “gharama”, na kwa mkulima hivyo ni vitu viwili: bei ni ile iliyobandikwa dukani, gharama inabeba pia nauli ya kuifikisha shambani. Katika kukimbia neno la Fulani, mwanafunzi amemsingizia Fulani jambo ambalo hakulisema.

Je, akiweka (Fulani, 2015) mwishoni yameisha? La. Rejeleo linamrudishia Fulani wazo lake, lakini msomaji bado anaamini kwamba sentensi ni ya mwanafunzi, na si yake. Hapo ndipo wengi hushangaa: “Mwalimu, mbona nimetaja chanzo?” Amekitaja, ila amekitaja kwa kauli taarifa huku maneno yakiwa bado ni ya kauli halisi.

Njia inayofaa huanza kabla ya kuandika. Soma kifungu mpaka uweze kusema mambo matatu bila kukitazama: anadai nini, kwa sababu gani, na dai lake linaishia wapi. Kwa Fulani: redio inachagua mada, haichagui mgombea, inafanya hivyo kwa kurudia, na inaweza kufanya hivyo hata kama wasikilizaji wana shida za karibu zaidi. Yaandike hayo kama vidokezo, si sentensi, na pembeni andika “Fulani 2015, uk. 42” saa hiyo hiyo. Daftari lisilo na namba ya ukurasa huzaa kwa urahisi makosa yasiyokusudiwa, kwa sababu baada ya wiki mbili mwenye daftari hajui tena kipi alikinakili na kipi alikiwaza. Ukinakili maneno yenyewe, yawekee alama za kunukuu humo humo daftarini.

Sasa funga kitabu, andika. Rasimu ya kwanza inaweza kuwa hivi:

“Kwa mujibu wa Fulani (2015), nguvu ya redio za kijamii haiko katika kumtafutia mgombea kura bali katika kuchagua mada. Jambo likisikika kila asubuhi, kama bei ya mbolea, wasikilizaji huupima uchaguzi kwa jambo hilo na kusahau barabara na maji (uk. 42).”

Fungua kitabu tena, ulinganishe. Muundo ni mpya. “Redio za kijamii” na “bei ya mbolea” zimebaki, na hakuna ubaya: majina ya vitu na istilahi za fani hayana mmiliki, na kuyatafutia visawe ndiko kunakoleta mambo kama ya bei na gharama. Lakini kuna kosa. Fulani hakusema wakulima husahau barabara na maji. Alisema tu kwamba wana shida hizo. Kwa hiyo mwisho unasahihishwa: “hata wanapokuwa na shida zilizo karibu nao zaidi, kama barabara na maji (uk. 42).” Ukaguzi huu wa pili hurukwa na wengi, nao ndio unaomlinda mwandishi wa chanzo dhidi ya kusingiziwa.

Angalia pia rejeleo lilivyokaa. “Kwa mujibu wa Fulani” limefungua mlango, “uk. 42” limeufunga, na sentensi inayofuata, tuseme “Kwa maoni yangu, Fulani anachukulia kwamba wakulima hawana chanzo kingine cha habari”, inajulikana kuwa ni ya mwandishi wa insha. Aya ndefu yenye rejeleo moja tu mwishoni humwacha msahihishaji akijiuliza Fulani alianza kusema wapi. Mtindo wa APA, unaotumika sana katika fani ya mawasiliano, hudai namba ya ukurasa kwa nukuu; kwa kueleza upya hudai jina na mwaka tu, ukurasa ni hiari. Mimi ningeuweka kila mara. Na kitenzi cha kuripoti kichaguliwe kwa makini: “anaeleza” hakina upande, “anadai” kinatia shaka, “anakiri” kinaashiria kwamba alibanwa.

Katika insha za mawasiliano kuna mtego mwingine maarufu. Nadharia ya uwekaji ajenda huandikwa karibu kila muhula, na karibu kila muhula mwanafunzi fulani huandika kwamba McCombs na Shaw ndio waliosema kuwa vyombo vya habari havifanikiwi sana kuwaambia watu wawaze nini, ila hufanikiwa mno kuwaambia wawaze kuhusu nini. Wazo hilo ni la Bernard Cohen, katika kitabu chake cha 1963. McCombs na Shaw walimnukuu katika makala yao ya 1972, yaliyotokana na utafiti wa wapiga kura 100 wa Chapel Hill, North Carolina, ambao walikuwa hawajaamua wamchague nani katika uchaguzi wa rais wa 1968. Mwanafunzi alikutana na Cohen nyumbani kwa McCombs na Shaw, akadhani maneno ya mgeni ni ya wenye nyumba. Kama hukukisoma kitabu cha Cohen, sema hivyo: (Cohen, 1963, katika McCombs na Shaw, 1972). Kwenye orodha ya marejeleo ya mwisho aingie yule uliyemsoma kwa macho yako tu.

Kuna swali ambalo vitabu vya miongozo vya Ulaya na Marekani hulipitia haraka, na kwetu ni la kila siku. Chanzo ni cha Kiingereza, insha ni ya Kiswahili. Je, kutafsiri ni kueleza upya? Mwongozo wa APA, toleo la 7, unasema tafsiri uliyoifanya mwenyewe ihesabiwe kuwa maelezo, si nukuu, kwa hiyo haiwekewi alama za kunukuu. Jina na mwaka vinahitajika palepale. Wanafunzi wengi hudhani kinyume chake, kwamba maneno yote ya Kiswahili ni yao kwa kuwa hakuna hata moja lililokuwa kitabuni. Lakini aya iliyotafsiriwa sentensi kwa sentensi ina mpangilio wa hoja wa mwandishi yule yule, pamoja na mifano yake. Ukitafsiri sentensi moja au mbili, andika “tafsiri yangu” ijulikane. Ukitaka kueleza upya, rudi kwenye yale mambo matatu na uyaandike kwa Kiswahili tangu daftarini.

Usiitegemee sana asilimia ya Turnitin kukuambia kama uko salama. Programu hiyo hulinganisha maandishi na maandishi mengine na kuonyesha yanapofanana; haipimi wizi. Nukuu zako halali na orodha ya marejeleo vinaweza kuipandisha asilimia, na viraka vilivyoshonwa kwa ustadi vikaishusha.

Howard alishauri kwamba viraka vichukuliwe kama hatua ya mtu anayejifunza lugha ya fani ngeni, na nakubaliana naye. Wahadhiri, rasimu ya viraka irudishwe kwa mwanafunzi aiandike upya, na neno “wizi” libaki kwa aliyekusudia. Nanyi wanafunzi, someni kanuni za chuo chenu kabla ya kukusanya kazi: nyingi haziulizi nia yako ilikuwa nini.