Ile M ya M-Pesa, na kwa nini sitaki GPT kwenye stika

Wasee, nani hapa bado hukumbuka kwamba ile M ya M-Pesa ni mobaili? Safaricom ilipoizindua Machi 2007, kutuma pesa kwa simu ndiyo ilikuwa habari yenyewe, kwa hivyo herufi ilikuwa na kazi. Halafu kila mtu akaikopa. M-Farm ikaja 2010 kuwapa wakulima bei za soko kwa SMS, M-Shwari ikaja 2012, na M-Kopa ikaanza kuuza sola ya kulipa kidogo kidogo. Wakati huo kila kitu kilikuwa kwa simu tayari, na M haikuwa inamwambia mtu chochote kipya.

Haya majina hayakuchakaa, na mimi naona ni bahati ya lugha. Kiswahili kina m- yake: mkulima, mpishi, mkopaji. M-Kopa inaingia masikioni kama neno letu. Halafu uzito wote uko kwa pesa na kopa, maneno yaliyokuwepo kabla ya simu.

iCow haikupata bahati hiyo. Huduma yenyewe ilikuwa poa sana: Su Kahumbu aliianzisha 2011, na mkulima alipata SMS za kufuatilia ng'ombe wake wa maziwa. Lakini hiyo i ndogo ni mtindo ulioenezwa na Apple tangu iMac ya 1998. Ukiisoma leo unajua ilizaliwa enzi gani. Na ukiisikia tu, "ai-kau", mtoto wa siku hizi atadhani ni ng'ombe wa AI!

Sasa tuko enzi za GPT. Huku kwetu Ndanai binamu yangu anaunda programu ya wakulima wa majani chai. Unapiga picha risiti ya kilo kituoni, programu inasoma namba na kuzijumlisha, na mwisho wa mwezi inakuonyesha kama kilo ulizolipwa ni zile ulizopima. Anataka kuiita ChaiGPT, na stika za kubandika madukani anakaribia kuzilipia.

Shida ni kwamba GPT ni maelezo ya injini. T ni transfoma, aina ya mtambo wa kompyuta iliyoelezwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Ni kama kuita matatu kwa jina la gia boksi. Binamu akibadilisha injini mwakani, stika zinabaki zikidanganya. Tena kusoma namba kwenye picha ya risiti hakuhitaji GPT hata kidogo. Na hiyo herufi hawezi kuimiliki: OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walijaribu kuisajili Marekani kama alama yao ya biashara, na Februari 2024 wakakataliwa kwa sababu inaeleza tu aina ya teknolojia.

Hata kazi nzuri huingia mtego huu. Jacaranda Health hapa Kenya walitoa UlizaLlama mwaka 2023, iliyofunzwa kujibu maswali ya afya kwa Kiswahili. Uliza litaishi. Llama ni jina la modeli ya Meta, kwa hivyo nusu ya jina iko mikononi mwa mwingine.

Na usikimbilie Kiswahili ukadhani umepona. Kuna wanaosema akili bandia, wengine akili unde, wengine akili mnemba. Ukiita programu yako Mnemba, unabeti neno gani litashinda.

Jina ninalolipenda ni Ushahidi. Lilianza Januari 2008, watu wakiripoti vurugu za baada ya uchaguzi kwa SMS na mtandao, ripoti zikiwekwa kwenye ramani. Jina halikutaja SMS wala ramani. Lilitaja kile ulichokuwa unatoa. Ndiyo maana tetemeko la Haiti lilipotokea 2010, mfumo ulitumika huko na jina halikuwa na haja ya kuguswa.

Kwa binamu nimependekeza Kilo Zangu. Ndivyo mkulima mwenyewe husema akigombana na karani: kilo zangu ziko wapi? Na akitaka kuhamia maziwa, nayo huku hupimwa kwa kilo. Lina udhaifu: kilo ni neno la kila mtu, kulilinda peke yake ni ngumu, kwa hivyo lazima atafute jina kwenye eCitizen kabla ya kulipia stika. Yeye analalamika kwamba halisikiki kiteki, mwekezaji hatashtuka. Sawa, AI aiweke kwenye mstari mdogo chini ya jina, mahali ambapo anaweza kuifuta bila kuumia.

Jana alimpigia mamake simu, akamtajia majina yote mawili mara moja tu, akamwomba ayaandike kwa SMS. Kilo Zangu lilirudi vile lilivyo. Lile lingine lilirudi "chai jipiti".