Tao, Kuba na Nguzo: Kuusoma Mchoro wa Uso wa Jengo

Fundi akitaja ramani ya nyumba, kwa kawaida anazungumzia jengo lililotazamwa kutoka juu. Mchoro wa uso ni tofauti: jengo limetazamwa kwa mbele, na kila sehemu imechorwa kana kwamba jicho limesimama sawa mbele yake. Vipimo vya upana na urefu hubaki sahihi; kinachopotea ni kina.

Mchoro huo ukipigwa picha kwa pembeni, upana nao hudanganya. Tuseme karatasi ni ya A3 iliyolazwa, ambayo upana wake ni mara 1.41 ya kimo, lakini kwenye picha inaonekana mara 1.2 tu. Tao lenye upana wa milimita 34 na kimo cha 20 litaonekana limeinuka kupita nusu duara. Zidisha 34 kwa 1.41, gawanya kwa 1.2, upana unarudi 40: tao ni nusu duara kamili. Hesabu hii inafaa pale tu kingo za karatasi zinapobaki sambamba. Zikiwa zinakaribiana upande mmoja, ni heri kupiga picha upya. Ncha ya tao, hata hivyo, haizaliwi na kamera. Tao lililochongoka kileleni limechorwa hivyo.

Kuba ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa zaidi. Paa la kuba na paa refu lililopinda kama pipa lililolazwa, likielekea mbele, yote huonekana nusu duara kwenye uso. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani una aina zote mbili, na anayetazama uso peke yake hawezi kuzitofautisha. Atafute mchoro wa ubavuni au wa mkato, yaani jengo lililochorwa kana kwamba limepasuliwa kutoka mbele hadi nyuma.

Nguzo hueleza zaidi kuhusu vifaa vya ujenzi. Nguzo ya mawe ya matumbawe na chokaa huhitaji unene. Nguzo nyembamba na ndefu, zilizoachana mbali, huashiria chuma. Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash wa Zanzibar la mwaka 1883, lilijengwa na nguzo za chuma cha kusubu zilizoshika roshani pande zake. Palepale kwenye mchoro mtu huona kwamba zisingeweza kuwa za matumbawe.

Mtindo wenyewe usomwe kwa uangalifu. Tao lenye ncha humpeleka msomaji msikitini, lakini Kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873, nalo linalo, kwa kuwa Ulaya ya Zama za Kati ilijenga hivyo pia. Kuba za jumba la makumbusho la Beit el-Amani za mwaka 1925 ni kazi ya Mwingereza John Sinclair, aliyependa maumbo ya Kiislamu. Maumbo hayo yanaonyesha ladha ya msanifu na utawala aliouhudumia. Umri wa jengo utafutwe kwenye tarehe ya mchoro, chokaa na viungo vya kuta.